Presha imeshuka yenyewe, mbona baba analala kwa kiti?

Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa Likoni, naandika kuhusu babangu, ana miaka 58, anauza nazi Kongowea. Mwaka 2018 alipimwa presha kwa kambi ya bure ikatoka 180 kwa 110, akapewa vidonge, akameza kama miezi mitatu, akaona haumwi na chochote akaacha. Sasa toka Disemba akipanda ule mlima wa feri anasimama mara mbili kuhema. Tumeenda kwa kemisti amepewa antibayotiki mara mbili na ile pampu ya pumu, hakuna kitu. Usiku hawezi kulala chali, analala kwa kiti karibu na dirisha, na saa nane anashtuka kama mtu anazama. Miguu imefura mpaka malapa hayaingii. Alipewa dawa ya maji miguu ikashuka siku nne ikarudi. Magoti pia yanamsumbua kwa hivyo anameza daiklofenaki kila siku. Jirani anasema ni pumu ya ukubwani, nyanya anasema ni mambo ya watu. Kilichonichanganya kabisa ni kuwa juzi nimempima presha kwa mashini ya jirani ikatoka 122 kwa 84, bila dawa yoyote. Baba akanambia "unaona, presha ilipona zamani, mimi nna shida ya kifua". Ni kweli? Nimpeleke kwa daktari gani?
Binti wa Likoni

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Jibu la haraka kwanza ndio nieleze. Hiyo ni ya moyo mpaka daktari aniambie vingine, na babako anafaa kuonwa kesho asubuhi, si mwisho wa mwezi pesa zikiingia. Na kama usiku wa leo ashindwe kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, ama akohoe povu lenye uwekundu, ama midomo igeuke rangi, kifua kimbane, aanze kuongea vitu havieleweki, usingoje kesho, ni hapo hapo. Mkimbeba akae wima, miguu ining'inie chini. Msimlaze kwa kiti cha nyuma cha teksi ati apumzike, nimepokea wagonjwa waliolazwa hivo wakafika hoi kuliko walivyotoka nyumbani.

Sasa tuje kwa hiyo 122 kwa 84. Nimekaa wodi ya wanaume miaka 20 na kitu nikiwa nesi na nakwambia hiyo namba inadanganya watu kuliko hata ile 180. Presha inakuwa juu kwa sababu vitu viwili vinakutana, mishipa imebana na moyo una nguvu ya kusukuma damu ipite hapo palipobana. Moyo ukiishiwa nguvu namba inateremka, na mishipa bado imebana vile vile. Chukulia hamali wa mkokoteni na magunia yake ya viazi anapanda mlima, ukiona kasi imepungua si lazima mzigo umepungua, huenda ni yeye miguu imekwisha. Si kila mtu inakuwa hivi, wengi wakifika hospitali na miguu imefura presha ukipima bado iko 170, 190. Pia mashini ya jirani yaweza kuwa na makosa yake, betri imelala ama kitambaa hakimtoshi mkono. Lakini mtu aliyeachwa na 180 miaka yote hii, hamezi kitu, halafu siku moja anajikuta 122 na huku anahema akipanda feri, hapo mimi sishangilii, hapo ndio nashika mkoba.

Kilichotokea katikati ni hiki. Chumba cha chini kushoto cha moyo ndicho kinachosukuma damu mwili mzima, na kikisukuma dhidi ya presha ya juu mchana na usiku, nyama yake inanenepa kama mkono wa hamali. Watu wakisikia nyama ya moyo imenenepa wanadhani ni nguvu, kumbe inanenepa kwenda ndani, ni kama chumba unakipiga plasta ukuta wa ndani kila mwaka mpaka kitanda hakiingii. Na ukuta ukiwa mnene unakuwa mgumu, hautanuki vizuri kupokea damu inayokuja kutoka kwa mapafu. Mtu wakati huo haumwi, anabeba nazi zake, anacheka, na ndio maana sitamlaumu sana babako kwa kuacha vidonge, manake dawa ya presha haikuondolei maumivu ukaiona kazi yake, hukuwa na maumivu tangu mwanzo. Inaenda hivo miaka, halafu kwa wengine ule ukuta mnene unachoka, unalegea kama mpira wa kaptula kuukuu, chumba kinapanuka na hakina tena nguvu ya kukamua. Hapo ndio mtu anaanza kuhema.

Kwa nini usiku? Hili watu wa mambo ya watu hawawezi kukujibu lakini moyo unajibu. Mchana kutwa babako amesimama sokoni, maji yanavutwa chini yanakaa miguuni. Akilala chali yale maji taratibu yanarudi kwa damu, damu inaongezeka, inafika kwa moyo ambao mchana wenyewe ulikuwa hauiwezi kazi, basi inarudi nyuma inajaa kwenye mapafu. Ndio maana hashtuki akilala tu, anashtuka saa moja ama mawili baadae, anakaa, anakimbilia dirisha, na akikaa wima kama nusu saa anapata nafuu. Muulize pia anaamka mara ngapi kukojoa usiku, nna hakika ni zaidi ya zamani, ni maji yale yale yanatafuta njia. Na muulize mito. Sisi wodini tulikuwa tunahesabu mito, mtu alianza na mmoja, mwezi uliofuata miwili, halafu mitatu, mwisho kiti. Kiti ndio mto wa mwisho, mwanangu.

Miguu nayo ina sababu mbili na zote ni moyo. Damu ikikwama mbele inarudi nyuma mpaka upande wa kulia, inakaa kwa miguu, baadae kwa ini na tumbo ndio unasikia mtu anashiba kwa matonge mawili. Halafu figo. Figo zikiona damu inayozifikia ni kidogo zinadhani mwili umekauka, hazijui kuwa maji yamejaa tele yamekaa mahali pengine, basi zinashikilia chumvi na maji zaidi. Yaani mwili unajizamisha wenyewe ukidhani unajiokoa. Leo jioni mkalishe, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu mpaka kumi pole pole, halafu toa. Kama kishimo kimebaki pande zote mbili, hiyo imeungana na hadithi yetu. Ukiona mguu mmoja tu ndio umefura, una joto na unauma nyama ya nyuma, hiyo ni hadithi nyingine ya damu iliyoganda na pia ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu pumu, jirani yako hakukosea kwa ubaya. Mapafu yaliyojaa maji nayo hupiga filimbi kama ya pumu, hata madaktari huchanganyikiwa. Lakini mtu ambaye hajawahi kuwa na pumu tangu utotoni, anafika 58 ndio inamwanza, inamjia akilala, na miguu imefura, na ana presha ya zamani, huyo usimwekee pampu mkononi ukamaliza. Usiitupe pia, daktari ndiye ataamua. Na antibayotiki mara mbili bila homa wala makohozi ya maana, hapo ni pesa tu imekwenda.

Kwa hivyo si wa kifua kwanza. Nenda hospitali yenye daktari wa magonjwa ya ndani, hapo Likoni wanaweza kumwona na kumwanzishia, wakihitaji watawavusha ile hospitali kuu ya Makadara, Mombasa. Hakikisha bima yake ya SHA imelipiwa kabla hamjatoka nyumbani manake foleni ya kuulizwa hilo ni refu kuliko ya daktari. Wakifika watampima presha vizuri, oksijeni ya kidole, watamsikiliza mapafu, watamtazama mishipa ya shingo. Damu ya figo na potasiamu, wingi wa damu, sukari, mkojo. Picha ya kifua na ile isiji ya kubandikwa nyaya. Lakini chenye nakuomba usikubali kurudi nyumbani bila kupangiwa tarehe ya kufanyiwa ni eko, yaani altrasaundi ya moyo. Bila eko tunabahatisha. Kuna mioyo inayofura miguu hivi hivi na sababu yake si presha, ni valvu iliyoharibika, ama mishipa ya moyo iliyoziba, na matibabu hayafanani.

Na ukipata ile karatasi ya eko usisome kabla hujasoma hapa. Utaona ukuta wa moyo, kwa kawaida hauzidi milimita 10 ama 11 hivi, kwa mtu wa presha ya miaka utaona 14, 15. Halafu utaona asilimia, na hiyo ndio inayoua watu kwa hofu. Ami yangu wa Kisauni alisoma 30 akaja kwangu analia, "moyo wangu umebaki asilimia 30, sabini imekufa". La. Hiyo asilimia ni kiasi cha damu ambacho moyo unatoa kila pigo kati ya ile iliyokuwa ndani. Hakuna anayetoa 100, mtu mzima wa afya anatoa kama 55 mpaka 70. Kwa hiyo 30 ni mbaya ndio, lakini ni nusu ya kawaida, si theluthi ya uhai. Na ikitoka 60 wakati anahema vile vile, msiseme basi moyo uko sawa, hapo huwa ni ule ukuta mgumu usiotanuka, moyo unakamua vizuri lakini haujai vizuri. Wote wawili wanaitwa moyo kushindwa, dawa zinatofautiana.

Sasa ile dawa ya maji ya kemisti. Haikuwa dawa mbaya, furosemaidi ni ya kwanza kabisa hata wodini tunaipiga kwa mshipa, na ami alipunguza kilo 6 kwa siku tano, kilo 6 za maji matupu, akalala kitandani usiku wa tatu akapiga mkoromo tukafurahi. Shida ni kuwa inachota maji tu, haigusi kilichofanya yajae. Ukichota maji kwa mashua yenye tobo, ukipumzika yanarudi, ndio hizo siku zenu nne. Tena ukiimeza kiholela bila damu kupimwa, potasiamu inaweza kuteremka na moyo ukaanza kupiga ovyo.

Zinazoziba tobo ni zile nyingine. Kama eko itaonyesha moyo umelegea, daktari atamwekea moja ya jamii ya enalapril ama losartan, ambayo inalegeza mishipa ili mzigo upungue. Enalapril huleta kikohozi kikavu kwa wengine, akikipata arudi abadilishiwe, asiache tu. Akishatolewa maji, ataanzishwa kavedilo ama bisoprolo, dozi ndogo sana, inaongezwa kila baada ya wiki mbili hivi akiivumilia. Wiki za kwanza anaweza kujihisi mzito mzito nayo, mjue hilo mapema. Halafu spironolaktoni, na siku hizi kuna zile zilizoanza kama dawa za sukari, dapagliflozini, zinapewa hata asiye na sukari. Damu ya figo na potasiamu irudiwe baada ya wiki moja ama mbili, usikubali kuambiwa si lazima. Nafuu ya pumzi huja kwa siku, lakini moyo wenyewe kujirekebisha huhesabiwa kwa miezi, ndio maana eko ya pili hupangwa baada ya miezi mitatu mpaka sita hivi. Ami alitoka 30 akafika 42. Hakurudi alivyokuwa ila anapanda ngazi za msikitini mwenyewe.

Na hapa namba inakuja kuwadanganya tena, kwa hivyo shika vizuri. Akishakuwa kwa hizi dawa mtampima mkute 105 kwa 65, na mtu wa kwanza kumwona atasema "aa, presha imeshuka mno, acheni dawa". Kama hana kizunguzungu, hadondoki akisimama, anakojoa vizuri, hiyo 105 ndio tunayoitafuta, ni moyo umepunguziwa mzigo. Wengi niliowaona wakirudi wodini mara ya pili na ya tatu waliachishwa hapa, na mtu anayewapenda. Akiwa anaona giza akisimama, hiyo piga simu kliniki, lakini hamkati wenyewe. Kitu kimoja tu ndio mtasimamisha wenyewe kwa muda na kuuliza haraka, ni akipata kuhara ama kutapika kwa kweli, manake dawa ya maji, enalapril na spironolaktoni juu ya mwili uliokauka zinaweza kuumiza figo.

Daiklofenaki, mwanangu, hiyo ikome leo hii, hata kabla ya hospitali. Hiyo na ibuprofeni na ndugu zake zinaziambia figo zishike chumvi na maji, zinapandisha presha, na zinaipinga dawa ya maji uso kwa uso. Inawezekana kabisa kuwa moyo wa babako ulikuwa ukijikokota na ni daiklofenaki ya kila siku iliyousukuma ukingoni hapo Disemba. Magoti yapewe paracetamo na ya kupaka kidogo kwa idhini ya daktari, na tukishamtoa maji mwilini uzito ukipungua hata hayo magoti yatashukuru.

Chakula nitakugusia kimoja tu manake najua Mombasa. Chumvi ya kunyunyiza mezani mtaacha, hiyo rahisi, ila chumvi kubwa imejificha. Ami alikaa miezi minne vizuri, ikaja harusi ya jirani, akala biriani na achari siku mbili, na kesho yake shangazi yangu akampikia papa mkavu wa nazi kwa sababu "amekonda". Jumatatu asubuhi amepanda kilo 3 kwa siku tatu, jioni amerudi kwa kiti chake. Papa mkavu na ng'onda zimekaushwa kwa chumvi, ukiloweka inatoka kidogo tu. Achari, viungo vya paketi vya mchuzi, krispi za muhogo za pale feri, zote. Na ile chumvi mbadala ya supamaketi ati haina madhara, huwa imejaa potasiamu, na kwa mtu wa enalapril na spironolaktoni hiyo ni hatari ya kweli, msiinunue. Samaki mbichi, ndimu, bizari, tangawizi, pilipili, nazi yenyewe mtumie, chakula hakitakosa ladha.

Ami alijuaje kuwa ni kilo 3? Mizani. Ile ya kawaida ya chumbani, iwekwe sakafu ngumu si kwa zulia, kila asubuhi akishakojoa kabla ya chai, nguo zile zile, aandike kwa daftari. Akiongeza kilo 2 ama zaidi ndani ya siku tatu hayo ni maji, mafuta hayaji kwa kasi hiyo, na mtapiga simu kliniki kabla miguu haijafura na kabla hajarudi dirishani. Waliomwandikia wanaweza kumpa ruhusa ya kuongeza dawa ya maji siku hiyo, waulize mapema wakuandikie kiasi. Ramadhani ikikaribia pia aende aulize kwanza, dawa ya maji na swaumu haviendi kwa kubahatisha.

Nyanya msibishane naye. Mwambie dua iendelee na hospitali iendelee, hakuna moja inayomzuia mwenzake. Wewe mwenyewe ukimpeleka babako pima yako pia hapo hapo, na ya ndugu zako, presha hupenda kutembea kwa nyumba.

Kesho mtakapotoka mwambie asipande ule mlima wa feri kwa miguu, ng'ambo hiyo mchukueni tuktuk hata kama atasema ni karibu. Na beba dawa zote alizowahi kumeza toka Disemba, hata paketi tupu, hata ya daiklofenaki anayoificha chini ya mto, daktari azione kwa macho yake manake baba akiulizwa "unameza nini" atajibu "hamna kitu".